Zahanati ya Karibu Iko Ng'ambo ya Mto

Nianze kwa kukiri: nimeaibishwa na eedo wangu, mama ambaye hajawahi kugusa laptopu maishani.

Nilikuwa nimerudi Bura likizo. Bura ya Fafi, kaunti ya Garissa, kabla hujauliza. Nikawa na kiproject changu: faili moja ya CSV yenye koodineti za maboma na vijiji, yaani latitudo na longitudo tu, na faili nyingine ya vituo vya afya niliyoitoa kwenye orodha kuu ya Wizara ya Afya. Skripti ya Python inasoma kila pointi, inapima umbali mpaka kila kituo, inachagua kilicho karibu zaidi. Nikachora ramani safi, rangi za kijani kila mahali. Nikamwonyesha eedo: "Ona, hapa kwenu zahanati iko kilomita nne na nusu."

Akaangalia kidogo. Akasema, "Hiyo iko ng'ambo. Usiku nitaipata namna gani, nipande mamba?"

Manze, nilinyamaza.

Msimamo wangu leo ni huu: ukiandika skripti ya "kituo kilicho karibu" kwa sehemu yoyote ya mto Tana bila kuuweka mto ndani ya hesabu, usiposti hiyo ramani. Hata kama kodi haina kosa. Wacha nikuonyeshe kwa nini, hatua kwa hatua, halafu ukitaka kubishana, bishana.

Moyo wa skripti ni huu hapa. Fomula inaitwa haversine, inapima umbali juu ya duara la dunia:

```python
from math import radians, sin, cos, asin, sqrt

def umbali(a, b):
    la1, lo1, la2, lo2 = map(radians, (*a, *b))
    h = (sin((la2 - la1) / 2) ** 2
         + cos(la1) * cos(la2) * sin((lo2 - lo1) / 2) ** 2)
    return 6371 * 2 * asin(sqrt(h))

karibu = min(vituo, key=lambda k: umbali(p["pos"], k["pos"]))
```

Namba 6371 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita. Mstari wa mwisho ndio unaochagua mshindi. Hakuna uchawi.

Wasee wengi wakianza hii kazi wanahangaika na vitu viwili. Cha kwanza ni fomula: je, dunia ni duara kamili, je, nitumie fomula kali zaidi? Kwa Bura hilo ni swali dogo. Tuko karibu na ikweta, digrii moja ya longitudo inakaribia kulingana na digrii moja ya latitudo, zote kama kilomita 111. Tofauti ya fomula haitabadilisha mshindi wako mara nyingi. Usipoteze wikendi hapo.

Cha pili ni koodineti zenyewe, na hapa kuna mtego mtamu kweli. Bura iko karibu na latitudo -1.1 na longitudo 39.95. Ukigeuza mpangilio, longitudo ikatangulia, pointi zako zinaangukia mashariki mwa Uhispania. Hilo utaliona mara moja, utacheka, utarekebisha. Lakini ukipoteza ile alama ya kutoa, labda mtu aliandika tu "1.1" kwenye fomu, pointi inapaa juu ya ikweta na kutua kaunti ya Wajir, upande wa Habaswein. Bado iko Kaskazini Mashariki. Bado ramani inaonekana sawa. Skripti itakupa kituo cha Wajir bila kulalamika, na wewe utaamini, kumbe umehamisha boma zaidi ya kilomita 240. Kinga yake ni rahisi: kabla ya kupima chochote, chapisha latitudo ndogo zaidi na kubwa zaidi kwenye faili yako. Kama unashughulikia Bura na ukaona namba isiyo na alama ya kutoa, simama hapo hapo.

Na usijaribu kuunganisha faili mbili kwa jina la mahali. Kuna wadi ya Bura ndani ya Fafi, Garissa. Kuna wadi ya Bura ndani ya eneo bunge la Bura, Tana River, ng'ambo tu, kule kwenye skimu ya unyunyiziaji. Halafu kuna Bura ya Taita. Bura tatu, Kenya moja. Tumia namba ya kituo, ile kodi iliyo kwenye orodha ya wizara.

Sasa turudi kwa eedo. Hapo mimi nilikuwa nimepita mitihani yote hiyo: alama ziko sawa, majina sawa, fomula sawa. Nikakosea bado.

Chukua mfano huu. Namba nimezisogeza makusudi, sitaki kuweka nyumba ya mtu mtandaoni. Boma liko upande wa mashariki wa mto, kwenye -1.150, 40.020. Zahanati A iko upande wa magharibi, -1.130, 39.985. Kituo B kiko upande uleule wa boma, -1.075, 40.010. Haversine inasema A iko kilomita 4.5 na B iko kilomita 8.4. Skripti inachagua A, inaenda kulala.

Lakini kati ya boma na A kuna Tana. Daraja la kukupitisha na gari liko Garissa mjini. Pima kutoka boma mpaka darajani, halafu kutoka darajani urudi chini mpaka A, na hata ukipaa kama ndege kwa vipande vyote viwili, inakuja kilomita 171. Si 4.5. Ukiteremka kusini hadi daraja la Garsen, ndiyo mbali zaidi. Kwa hiyo B, iliyoshindwa, ndiyo ilikuwa jibu tangu mwanzo.

Kuna rafiki yangu aliniambia, "Si uchuje tu kwa kaunti? Wa Garissa abaki Garissa, wa Tana River abaki Tana River." Inaonekana ni akili, kwa sababu hapa kwetu mto ndio mpaka. Lakini panda juu mpaka Madogo. Madogo ni Tana River, na Garissa mjini iko pale pale ukivuka daraja. Mgonjwa wa Madogo anayehitaji hospitali ya rufaa anavuka kwenda Garissa. Chujio lako la kaunti litampeleka Hola, zaidi ya kilomita 100 kusini. Umetoka kosa moja ukaingia lingine. Mpaka wa kaunti hauzuii mgonjwa. Maji ndiyo yanazuia.

Kwa hiyo dawa ni kuongeza vitu viwili tu: safu moja ya `upande` kwenye kila faili, na orodha ya vivuko.

```python
def njia(p, k, vivuko):
    if p["upande"] == k["upande"]:
        return umbali(p["pos"], k["pos"])
    return min((umbali(p["pos"], v) + umbali(v, k["pos"])
                for v in vivuko), default=float("inf"))
```

Kama boma na kituo viko upande mmoja, pima kawaida. Kama haviko, lazima upitie kivuko, na uchukue kivuko chenye jumla ndogo zaidi. Kama hakuna kivuko hata kimoja, umbali ni usio na mwisho, yaani hakufikiki. Kujaza safu ya upande, kama pointi zako ni chache, fungua picha ya setilaiti uangalie moja moja. Tana inajipinda kama nyoka, kwa hiyo usikate kwa longitudo moja ukadhani umemaliza.

Najua mtasema: "Lakini watu wanavuka kwa boti kila siku." Kweli kabisa. Watu wa Bura hii na Bura ile wanavuka kwa soko, kwa shule, kwa harusi. Mchana wa kiangazi, kwa mtu anayeweza kutembea, A inaweza kuwa jibu sahihi. Ndiyo maana orodha ya vivuko ninaipa skripti kutoka nje, na ninaiendesha mara mbili. Mara ya kwanza ninaweka madaraja pamoja na vivuko vya boti. Mara ya pili ninaweka madaraja peke yake. Halafu nachapisha mistari ambayo jibu lake limebadilika. Hiyo mistari ndiyo habari yenyewe. Hao ndio watu ambao zahanati yao iko karibu mchana na haipo usiku.

Na hata daraja si la kuaminika milele. Aprili 2024 maji yalifunika barabara kati ya Madogo na Garissa, watu wakavushwa kwa boti, na boti moja ikazama na watu wakafa. Daraja lilikuwa limesimama, barabara ya kulifikia ndiyo haikuwepo. Kwa msimu kama huo unaendesha skripti mara ya tatu, orodha ya vivuko ikiwa tupu.

Sisemi skripti yangu sasa imekamilika. Hiyo kilomita 8.4 bado ni mstari ulionyooka, haijui matope, haijui lagha iliyojaa. Haijui pia kwamba zahanati ya levo 2 haifanyi upasuaji, kwa hiyo kwa mama mwenye uchungu uliokwama unachuja kwanza levo 4 kwenda juu, na hapo kilomita zinapaa vibaya. Shirika la Afya Duniani lina programu inaitwa AccessMod inayohesabu muda wa kusafiri badala ya kilomita, na inachukulia mto kuwa kizuizi pasipo na daraja. Wataalamu walishalijua hili. Sisi wa skripti za mistari 30 ndio tunaposti kwanza tukifikiri baadaye.

Na kijani kina bei. Mtu wa bajeti akiona boma liko kilomita 4.5 kutoka zahanati, anasema hapo wako sawa, pesa ziende kwingine. Hatawahi kujua ile 4.5 ilipita katikati ya maji.

Ramani yangu ya kwanza nimeifuta. Ya pili ina safu mbili, mchana na usiku, na upande wetu kijani kimepungua sana. Nilimwonyesha eedo. Akaiangalia, akauliza kama sasa nimemaliza, nikamletee maji.