Wosia wa Mandela: kilichoandikwa na kilichoachwa hewani

Wadau, kuna kazi moja inaonekana rahisi kumbe ina mtego: kuwafupishia warithi wosia wa marehemu. Tuuchukue wa Mzee Mandela, kwa sababu wasimamizi wa mirathi waliusoma hadharani Februari 2014. Jaji Moseneke ndiye aliyewaeleza waandishi kwamba mali ilikadiriwa randi milioni 46 hivi, na hesabu ilikuwa bado ya awali.

Sehemu nyingine hazina ubishi. Wafanyakazi wake wa karibu, randi 50,000 kila mmoja. Hapo mpaji anajulikana, mpokeaji anajulikana, kiasi kipo. Andika mstari mmoja, songa mbele.

Sasa njoo kwenye mrabaha wa vitabu. Chama cha ANC kilipewa kati ya asilimia 10 na 30. Nimeona watu wanavyopenda kurahisisha, mtu anaweza kukuandikia "kama asilimia 20 hivi". Hapana bwana! Kilicho wazi ni kwamba isipungue 10 wala isizidi 30. Hapo katikati pameachwa wazi makusudi, na muhtasari wako unatakiwa upaache hivyo hivyo. Ukiweka 20 umeshatunga wosia wako mwenyewe, na mrithi atakuja kuidai.

Utata mkubwa zaidi uko kwenye nyumba. Ile ya Houghton, Johannesburg, iliachwa kwa matumizi ya familia ya marehemu mwanae Makgatho. Halafu Mzee akaongeza kwamba ni matakwa yake iwe pia mahali pa ukoo mzima kukutana. "Matakwa" ni amri au ombi? Kwa kawaida maneno ya kutamani hayambani mtu kama maneno ya kuagiza. Kwa hiyo mimi ningeandika: kukaa, wazi, kukutana, ameomba, hakusema nani afungue geti wala nani alipe umeme.

Ya Qunu kijijini nayo itumiwe na familia daima, ili umoja usivunjike. Sawa, lakini familia ni nani? Vitukuu wamo? Wakwe je? Neno moja tu, kila msomaji analivuta kwake.

Na kuna kitu cha tatu ambacho wengi husahau kukiandika: ukimya. Winnie, waliyeachana naye 1996, hakuachiwa chochote. Muhtasari mzuri unasema "hakutajwa kupewa kitu", basi. Hausemi "hana haki", maana hilo haliamuliwi na karatasi ya wosia peke yake. Kweli mama alikwenda mahakamani kuidai nyumba ya Qunu, akisema ilipatikana wakiwa bado mtu na mkewe na kwamba mila inampa haki. Alishindwa 2016, akakata rufaa, akashindwa tena Januari 2018. Aprili mwaka huo huo akafariki.