Sifuri Isiyolia: Neno kwa Wanaofundisha Majedwali ya Kompyuta

Katika tarafa ya Manyovu, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Kasulu hadi Wilaya ya Buhigwe ilipoundwa mwaka 2012, kahawa ni zao la biashara, na kila msimu mizani huzaa daftari. Daftari hilo siku hizi huingizwa katika kompyuta, na mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne ndiye mara nyingi anayeombwa kulijumlisha. Maoni yangu ni kwamba tunamfundisha kuogopa kosa lisilodhuru na kuliamini lile linalodhuru.

Tuchukue mfano mdogo wa kubuni. Safu A ina kijiji, safu B kilo, safu C bei ya kilo moja kwa shilingi:

```
2  Munanila  40  5000
3  Muyama    25  5000
4  Munanila  60  5000
5  Muyama    30  4000
6  Munanila  20  4000
```

Twataka malipo ya Munanila peke yake. Kwa kalamu tunapata 200,000, 300,000 na 80,000, jumla shilingi 580,000. Kijana anaandika katika Ekseli:

```
=SUMPRODUCT(A2:A6="Munanila",B2:B6,C2:C6)
```

Jibu ni 0. Hakuna onyo lolote. Sababu yake ni hii: sharti la kijiji halizai namba, bali huzaa TRUE au FALSE, na SUMPRODUCT, inapopewa safu zilizotenganishwa kwa mkato, huhesabu kila kisicho namba kuwa sifuri. Basi kila mstari umezidishwa kwa sifuri, hata ule wa kweli.

Akiuliza, ataambiwa aweke vistari viwili mbele ya sharti, ambavyo hugeuza TRUE kuwa 1 na FALSE kuwa 0:

```
=SUMPRODUCT(--(A2:A6="Munanila"),B2:B6,C2:C6)
```

Sasa huenda akapata 280,000, akafurahi. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko ile sifuri ya kwanza, maana sifuri angalau hustusha. Ile 60 ya mstari wa nne iliingia kama maandishi, labda kwa kunakiliwa kutoka katika ujumbe wa simu. Machoni ni 60, lakini kwa mashine ni neno, nalo limehesabiwa sifuri. Mkulima mmoja amepotewa na shilingi 300,000 na jedwali halikusema kitu.

Tuandike sasa kwa nyota badala ya mkato:

```
=SUMPRODUCT((A2:A6="Munanila")*B2:B6*C2:C6)
```

Jibu ni 580,000. Alama ya kuzidisha hulazimisha maandishi yanayofanana na namba yawe namba, na hugeuza TRUE kuwa 1 yenyewe. Lakini kama karani ameandika “60 kg” katika seli, nyota haiwezi kulitafsiri neno hilo, nayo hutoa #VALUE! kwa hesabu nzima. Tena hutoa hivyo hata kama “kg” ipo katika mstari wa Muyama, kwa kuwa uzidishaji hufanyika kabla ya kujumlisha, na sifuri mara neno si sifuri. Wengi huona huo ni ukali usio na maana. Mimi naona ndio uaminifu tunaouhitaji, kwa hiyo ningependa nyota ifundishwe kwanza.

Kwa safu zenye urefu tofauti, tuseme B2:B6 na C2:C5, njia ya mkato hutoa #VALUE!, nayo ya nyota hutoa #N/A, kwani mstari wa sita haukupata mwenzake. Makosa haya ni rahisi kuyatibu: linganisha namba za mwanzo na za mwisho wa kila safu. Walakini ukubwa sawa si nafasi sawa. Anayeandika B2:B6 pamoja na C3:C7 hapati onyo lolote, bali kila kilo inazidishwa kwa bei ya jirani.

Kabla ya kujumlisha, mwalimu amtake mwanafunzi aandike:

```
=COUNT(B2:B6)
```

Fomula hii huhesabu namba tu. Wakulima ni watano. Ikijibu 4, kuna seli moja ya maandishi, na aitafute. Maandishi kwa kawaida hulala upande wa kushoto wa seli na namba upande wa kulia, ila kama mtu amezipanga zote katikati dalili hiyo hupotea. Dawa nisiyoikubali ni IFERROR yenye kuandika 0 mahali pa kosa. Hiyo huirudisha ile sifuri kimya tuliyoanza nayo, safari hii kwa mkono wetu wenyewe.