Riba ya Japani ilipanda, yeni ikashuka

Benki kuu inapopandisha riba, wengi hutarajia sarafu ya nchi hiyo ipande thamani siku hiyohiyo. Hoja yenyewe ina mantiki: amana na hatifungani za nchi hiyo sasa zinalipa zaidi, na mgeni anayezitaka hana budi kuinunua kwanza sarafu ya huko. Lakini mwaka 2024 Benki Kuu ya Japani ilipandisha riba Machi na tena Julai. Machi yeni ilishuka, Julai ikapanda kwa kasi.

Uamuzi wa Machi 19 ulikuwa wa kihistoria. Japani haikuwa imepandisha riba tangu 2007, na sasa ilikuwa inaachana na riba hasi ya asilimia 0.1. Hata hivyo dola moja, iliyokuwa ikiuzwa kwa yeni 149 hivi, ilipita 150. Siku 4 kabla yake, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, Rengo, lilikuwa limetangaza kwamba makampuni yamekubali nyongeza ya mishahara ya wastani wa asilimia 5.28, kubwa kuliko zote katika miaka zaidi ya 30. Benki ilikwisha kusema kwamba mishahara ndiyo inayoingojea. Basi walioitaka yeni waliinunua mapema, na siku ya tangazo hapakuwa na jipya la kununulia. Jipya pekee lilikuwa kauli ya gavana Kazuo Ueda kwamba mikopo itaendelea kuwa rahisi, na kauli hiyo ndiyo iliyoishusha yeni.

Kwa hiyo kinachoitikisa sarafu ni pengo kati ya uamuzi na matarajio, na matarajio hayo hupimika. Mabenki huuziana mikataba ya kubadilishana riba ya miezi ijayo, na bei zake huonyesha soko linatarajia nini. Tuseme riba ya sasa ni asilimia 0.10, benki kuu ikipandisha itafika 0.25, na mkataba wa kipindi kinachofuata mkutano unauzwa kwa 0.16. Soko limekwenda 0.06 katika safari ya 0.15, yaani linaona uwezekano wa asilimia 40. Riba ikipanda kweli, ile asilimia 60 iliyobaki ndiyo habari. Kila takwimu ya mfumuko wa bei, ya mishahara au ya ajira huisogeza namba hiyo, na hotuba za gavana na manaibu wake huisogeza vilevile. Mfanyabiashara makini huanza na namba hiyo kabla hajajiuliza benki itaamua nini.

Julai 31 pengo lilikuwapo. Wachumi wengi waliohojiwa walitarajia riba ibaki ilipo, ingawa usiku wa kuamkia uamuzi vyombo vya habari vya Japani viliashiria kwamba huenda ikapandishwa. Ilipanda hadi asilimia 0.25, na safari hii Ueda alionyesha kwamba itaendelea kupanda uchumi ukienda kama benki inavyotabiri. Dola ilishuka kutoka yeni 153 hivi hadi chini ya 150.

Mtikisiko ulikuzwa na madeni. Kwa muda mrefu wawekezaji walikuwa wakikopa yeni kwa riba karibu na sifuri na kuweka dola kwa zaidi ya asilimia 5. Aliyekopa yeni milioni 161 mwanzoni mwa Julai alipata dola milioni 1 na riba ya dola kama 4,000 kwa mwezi. Agosti 5 dola ilipofika yeni 142, kulilipa deni lilelile kulihitaji dola 1,134,000 hivi. Wakopaji wengi walikimbilia kununua yeni kwa pamoja, na kila aliyenunua alimpandishia bei aliyemfuata. Takwimu dhaifu za ajira za Marekani za Agosti 2 zilizidisha mbio hizo, kwani zilionyesha kwamba riba ya dola itashuka. Agosti 7 naibu gavana Shinichi Uchida alisema benki haitapandisha riba wakati masoko hayajatulia, na yeni ikalegea.

Kipimo hiki cha matarajio kina mpaka wake, na Kenya iliuonyesha. Desemba 5, 2023 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5, hatua kubwa ambayo wengi hawakuitarajia, lakini shilingi iliendelea kushuka hadi 160 hivi kwa dola mwezi Januari. Mwekezaji aliyehofia kwamba serikali ingeshindwa kulipa hatifungani ya dola bilioni 2 iliyokuwa iive Juni 2024 hakuvutiwa na nyongeza ya asilimia 2. Shilingi iligeuka Februari, serikali ilipouza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 na kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Hofu hiyo ilipoondoka, riba ya juu ilianza kuvuta dola za wageni.