Petroli ya bei ghali: unalipia nini hasa?

Juzi nimesimama stesheni moja hapa Nairobi kujaza gari. Kabla sijafungua mdomo, mhudumu ameshashika bomba lile jingine. "Boss, nikuwekee hii nzuri? Itasafisha injini na utaenda mbali." Nikamwambia weka supa ya kawaida. Akanitazama kama mtu anayemnyima mtoto maziwa.

Haya, tuzungumze. Hii nzuri ni nzuri kwa nani?

Tuanze na mafuta yenyewe. Karibu petroli yote ya Kenya inateremshwa Mombasa, inasukumwa bara kwenye bomba moja na kuhifadhiwa kwenye matangi ya pamoja. Kampuni haichukui lita zake zenye jina lake, inachukua fungu lake. Kwa hiyo supa ya stesheni yenye taa za kumetameta na ya ile ya pembeni yenye pampu mbili imetoka kwenye chungu kimoja. Tofauti huingia baadaye, kampuni inapotia dawa zake, hasa sabuni ya kusafisha uchafu unaoganda kwenye injekta na vali.

Sasa angalia bei. Tarehe 14 ya kila mwezi EPRA hutangaza bei ya juu kabisa ya supa, dizeli na mafuta ya taa. Mafuta yenye majina ya kifahari hayamo kwenye orodha hiyo. Kwenye supa muuzaji amefungwa kamba, kwenye "hii nzuri" yuko huru. Unaona sasa kwa nini mhudumu ana bidii?

Tufanye hesabu. Tuseme supa ni shilingi 180 na ile ya kifahari ni 200. Gari lako linakwenda kilomita 12 kwa lita. Ili usipate hasara, lita ya 200 lazima ikufikishe kilomita 13 na theluthi moja. Ukijaza lita 40, umeongeza shilingi 800. Je, umewahi kupima? Jaza hadi pomoni, andika kilomita, endesha, jaza tena, gawanya. Fanya hivyo matangi matatu kwa kila aina, barabara zilezile. Mimi nimefanya, na tofauti niliyoipata ni ndogo kuliko ile inayoletwa na foleni ya Ijumaa.

Wala si gari langu tu. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari yaliyoundwa kwa petroli ya kawaida. Yakipewa ya oktani ya juu, hayakupata nguvu zaidi wala hayakunywa kidogo. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati. Injini isiyogandamiza sana haina kazi na uvumilivu wa ziada. Nasi wengi tunaendesha magari madogo ya mitumba kutoka Japani, yaliyoundwa kwa petroli ya kawaida ya huko, ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 89. Supa yetu inakipita hicho.

Nitakuwa mkweli: sabuni si uongo. Mwaka huohuo AAA walionyesha kwamba petroli yenye sabuni ya kutosha huacha uchafu mdogo sana. Na kama kitabu cha gari lako kinataka oktani ya juu, kama yalivyo magari mengi yenye tabo, lipa bila kunung'unika. Lakini soma kitabu, usisome bango.

Kinachoua injini zetu ni kuchanganyiwa mafuta ya taa. Mchezo huo ulishamiri hata mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ife. Dalili zake ni injini kugonga ukipanda mlima, nguvu kupotea na moshi. Tone la petroli safi kwenye karatasi nyeupe hukauka na kupotea, lakini likiacha doa la mafuta, shuku. Wizi wa pili ni wa kipimo: pampu haikurudishwa sifuri, au tangi la lita 42 linameza 45.

Kwa hiyo nikichagua stesheni natafuta mauzo ya haraka, ili mafuta yasikae, muhuri wa vipimo kwenye pampu, na risiti. Lori likiwa linashusha mafuta naondoka, kwa sababu uchafu wa chini ya tangi unakuwa umevurugwa. Stesheni ndogo ikipita mtihani huo na bei yake iko chini ya ile ya EPRA, napata faida mara mbili. Stesheni kubwa ikiupita, naenda, lakini kwa supa.

Shilingi zangu 800 zinabaki mfukoni. Zikifika za kutosha, nitanunua pulagi mpya na chujio la hewa. Hizo gari langu litazihisi.