Kanuni za barua pepe: nani yuko zamu usiku?

Hoja za wanaotetea kanuni za kwenye kompyuta mmezisikia, nami nimezisikiliza mpaka mwisho. Wanasema kanuni inayopanga barua pepe ndani ya programu yako inatosha, na kwamba kuihamishia kwenye seva ni kujitafutia kazi. Nitazichukua moja moja. Ninyi wasomaji ndio mahakimu.

Hoja ya kwanza ni kwamba kanuni imehifadhiwa kwenye akaunti, na kwa kuwa akaunti iko kwenye seva, kanuni nayo iko huko. Inasikika vizuri, lakini ushahidi unaikana. Ukitumia Thunderbird, fungua folda ya profaili ndani ya kompyuta yako utafute faili liitwalo `msgFilterRules.dat`. Kanuni zako zote zimo humo, kwenye diski yako. Nunua kompyuta mpya, andika anwani na nywila yako: barua zilizoko kwenye seva zitashuka zote, kanuni haitashuka hata moja. Seva haijawahi kuambiwa kwamba zipo.

Kwa Outlook ya zamani iliyounganishwa na Exchange, wapinzani wangu wana robo ya haki, na nitawapa robo yao. Huko kanuni kweli huhifadhiwa kwenye seva. Ila kuhifadhi si kutekeleza. Kanuni ikidai kitu ambacho seva haina mkono wa kukifanya, kama kuhamishia barua kwenye faili la PST lililoko kwenye diski yako, au kupiga mlio, seva hukagua masharti, huona yametimia, kisha huandika kikumbusho cha kazi iliyoahirishwa na kukiweka pembeni mpaka Outlook ifunguliwe. Ni kama karani anayepokea barua na kubandika karatasi juu yake: bosi akija afanye mwenyewe. Kwenye orodha ya kanuni, hiyo huonyeshwa kwa maneno `(client-only)` baada ya jina lake. Watu wameyapita maneno hayo miaka nenda miaka rudi.

Hoja ya pili: kufunga programu si kuzima kompyuta, kwa hiyo ukiiacha mashine inawaka mambo yanaendelea. Anayesema hivi ameshakubali bila kujua dai langu kwamba programu ikifungwa, kanuni nayo hulala. Ikiwa kanuni inahitaji mashine iwake na programu iwe wazi, basi anayefanya kazi ni programu. Na hata kuwaka kwenyewe hakutoshi. Kompyuta mpakato ukiifunika husinzia. Kitaa kinapepesa, lakini programu imesimama palepale ilipokuwa. Umeme ukikatika au mfumo ukijisasisha usiku na kujiwasha upya, hakuna wa kuifungua tena; bando likiisha, haifikii seva. Wapo wanaojihami kwa kuweka kanuni ileile kwenye kompyuta mbili, ya ofisini na ya nyumbani. Kama kanuni ni ya kusambaza barua, zote mbili zikiwa wazi mpokeaji anaweza kupata nakala mbili, kwa sababu hakuna kati yao inayojua mwenzake amefanya nini.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, na nitakaa nayo: kwamba hakuna kinachopotea, kwani ukifungua programu Jumatatu kanuni itazipitia barua zote zilizolala na kuzipanga. Kama kazi ya kanuni ni kupeleka majarida kwenye folda ya majarida, nakubali kabisa. Jarida halina haraka.

Lakini angalieni kilichotokea ofisini kwetu. Mwenzetu mmoja alikuwa na kanuni ndani ya programu yake: barua yoyote yenye neno "zabuni" kwenye kichwa cha habari isambazwe kwa anayeandaa bei. Ijumaa saa 11 jioni alifunga kompyuta akaenda zake. Saa 11:40 iliingia barua ya mteja akiomba bei, mwisho wa kupokea Jumamosi saa 6 mchana. Barua ile ilikaa kwenye inboksi ya seva wikendi nzima. Jumatatu saa 2 na dakika 14 asubuhi programu ilifunguliwa, kanuni ikaamka, ikasambaza barua kwa bidii zote. Tulipobishana nani alizembea, tulifungua vichwa vya barua: mstari wa `Date` wa barua ya mteja ulionyesha Ijumaa jioni, na wa ile iliyosambazwa ukaonyesha Jumatatu asubuhi. Hakuna kilichopotea, ni kweli. Barua tulikuwa nayo.

Mfano wa kuchekesha zaidi ni kanuni ya kujibu "niko likizo" iliyowekwa kwenye programu. Hukaa kimya likizo nzima, kisha siku unayorudi na kufungua programu inawatangazia watu kwamba haupo.

Sasa linganisheni na seva. Lugha ya kuandikia kanuni zake iitwayo Sieve iliwekwa rasmi mwaka 2001, na toleo lake la RFC 5228 ni la 2008. Kanuni ya mwenzetu ingekuwa hivi:

```
require ["fileinto"];

if header :contains "subject" "zabuni" {
    redirect "bei@example.org";
    fileinto "Zabuni";
}
```

Kanuni hii hukimbia pale barua inapokabidhiwa, kabla haijawekwa kwenye kisanduku. Barua ya saa 11:40 ingesambazwa saa 11:40, kompyuta ya mwenye kanuni ikiwa kwenye begi. Simu yake nayo ingeikuta tayari iko kwenye folda.

Hoja ya nne ni ya faragha: kanuni ya kwenye seva inamruhusu mtoa huduma kusoma barua zako. Mahakimu, barua hiyo iko wapi kabla programu haijaishusha? Iko kwa mtoa huduma huyohuyo, ambaye tayari anaichunguza ili kutenga barua taka. Mstari mmoja wa kukagua kichwa cha habari haumfungulii mlango ambao ulikuwa umefungwa. Ila barua iliyofungwa kwa usimbaji tangu kwa mtumaji ni jambo jingine. Hapo seva haioni maandishi ya ndani, na kanuni inayotafuta neno lililomo humo haiwezi kukimbia kwenye seva.

Na seva ina mipaka mingine ambayo wapinzani wangu wangeitumia kama wangeijua. Kanuni ya Sieve humgusa mgeni anapoingia tu. Barua elfu moja za mwaka jana hazitaguswa, ilhali programu inaweza kuzipitia ukiiamuru. Haichapishi karatasi wala kupiga mlio mezani kwako. Tena simu nyingi hulia kwa barua za inboksi peke yake, kwa hiyo barua iliyopelekwa kwenye folda na seva huweza kuingia kimya mpaka uiambie simu iifuatilie folda hiyo. Kwa zabuni, ningeondoa mstari wa `fileinto` na kuweka `keep;` ili nakala ibaki inboksi.

Anayebisha bado afanye jaribio la dakika tano. Afunge programu kwenye kompyuta zake zote, ajitumie kutoka anwani nyingine barua inayotimiza masharti ya kanuni yake, kisha aingie kwenye akaunti kwa kivinjari cha simu. Kama barua imekaa inboksi bila kuguswa, basi kanuni yake inaingoja programu aliyoifunga.