Kitovu Hakijawahi Kuomba Poda

Kitovu cha mtoto mchanga hakihitaji kupakwa chochote. Si poda, si spiriti, si vaselini, si dawa ya meno, si majivu, si masizi ya sufuria, si unga uliomwagwa kutoka kwenye kapsuli ya dawa, si mate ya mzee wa heshima. Nimeanza na hilo ili anayetaka kukasirika akasirike mapema, kwa sababu mwenye kosa kubwa katika jambo hili si gogo wa Kapseret wala shosho wa Munyaka.

Kila mara habari za watoto wachanga zinapozungumzwa redioni, anatafutwa bibi kizee wa kusimangwa. Bibi na mila zake, bibi na majivu yake. Haya, tuulizane: spiriti ililetwa na mila gani? Ni wodi zetu zilizowatuma akina mama nyumbani kwa miaka mingi na pamba mkononi, wakiambiwa wapanguse kitovu kwa spiriti asubuhi na jioni. Mwongozo ulipobadilika, hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia wale waliofundishwa kwanza. Leo msichana wa miaka 22 anajifungua, mama mkwe anatoa chupa kabatini, na nesi anashangaa. Unashangaa nini? Huyo mama ni mwanafunzi wako. Anafuata somo uliloacha kulifundisha bila kumwambia kwamba limefutwa.

Ubaya wa spiriti unaeleweka ukijua kitovu hufanya nini. Kikishabanwa na kukatwa, kipande kinachobaki hakipati damu tena. Ni nyama inayokauka. Hunywea, hugeuka kahawia kisha cheusi, na kuwa kigumu. Pale kinapokutana na ngozi ya mtoto, chembe nyeupe za damu hukila polepole hadi kitenguke. Kazi hiyo husaidiwa na hewa, na pia na vijidudu vya kawaida vinavyoishi kwenye ngozi bila ubaya. Spiriti huviua hivyo pia, na ndiyo maana kitovu kinachopanguswa kwa spiriti mara nyingi huchelewa kudondoka. Unapaka ili kipone haraka, kumbe unakirefushia safari. Vaselini na mafuta hukinyima hewa na kukiacha kibichi. Poda huganda na kuwa uji chini ya kikonyo, mahali ambapo jicho halioni.

Na chini ya kikonyo hicho kuna mshipa uliomletea mtoto damu kutoka kwenye kondo la nyuma alipokuwa mimbani. Mshipa huo hupanda hadi kwenye ini la mtoto, na haujifungi kabisa siku ya kuzaliwa. Kwa siku kadhaa ni mlango ulioegeshwa tu. Kinachowekwa nje ya tumbo kina njia fupi ya kuingia kwenye damu, na kinga ya mtoto wa siku nne bado ni changa mno kupambana nacho.

Tunao ushahidi wa hapa hapa kwetu. Mwaka 2001 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya mradi uliofanywa miongoni mwa Wamaasai, mahali ambapo kitovu kilikuwa kikizibwa kwa mavi ya ng'ombe. Kinyesi cha mifugo na udongo ndiyo makazi ya mbegu za pepopunda, ugonjwa unaomkaza mtoto mwili mzima hadi ashindwe kunyonya. Katika maeneo ambako wenyeji walizungumza na wenyeji wenzao wakaacha desturi hiyo, vifo vya pepopunda vilikuwa chini ya mtoto 1 kwa kila 1,000 waliozaliwa. Kule ambako mazungumzo hayo hayakufika, walikufa watoto 82 kwa kila 1,000. Soma tena takwimu hiyo. Tofauti hiyo ilitokana na watu kuelezwa na watu wanaowaamini. Siku hizi chanjo ya pepopunda kwa wajawazito imetuokoa sana, maana mama humpitishia mtoto kinga, na ndiyo sababu kliniki isikoswe. Lakini chanjo hiyo haizuii vijidudu vingine vinavyoletea kitovu usaha.

Hapo nitasikia sauti: mbona kuna jeli inayopakwa kitovuni, nayo ni dawa halali? Kweli ipo. Inaitwa klorheksidini, na iliyotengenezwa kwa ajili ya kitovu ina nguvu ya asilimia 7.1. Huko Nepal ilipunguza vifo vya watoto waliozaliwa vijijini. Ilipojaribiwa Pemba, kwa watoto zaidi ya 36,000, haikuonyesha tofauti ya maana katika vifo, na Zambia nako ikawa hivyo hivyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaweka msimamo kwamba kitovu kiachwe kisafi na kikavu, na dawa hii itumike tu kule ambako watu wamezoea kupaka vitu vya hatari. Kwa hiyo ukipewa na mhudumu wako, ipake kitovuni jinsi ulivyoelekezwa, na usiongeze kitu kingine juu yake. Ila shika neno moja: ni ya kitovu peke yake. Mwaka 2020 shirika hilo hilo lilitoa tahadhari baada ya visa zaidi ya 40, katika nchi 9 za Afrika, vya dawa hii kutiwa machoni kwa makosa ikadhaniwa ni ya macho. Inaunguza jicho, inaweza kupofusha. Wenye kuifunga katika vichupa vinavyofanana na vya dawa ya macho wana maswali ya kujibu, na mimi sioni kwa nini wamewahi kuachiwa.

Sasa tuchukue mama wa kubuni, wa Langas, kwa sababu hali yake ni ya wengi. Amejifungua salama Jumatatu usiku, Jumatano asubuhi anaruhusiwa. Nesi aliyechoka anasimama katikati ya wodi na kutangazia akina mama sita kwa pamoja: "Kitovu kiwe kikavu, msipake kitu." Sekunde kumi, kwisha. Huyo mama hajalala, ana mshono unaomuuma, na zaidi ya yote si yeye atakayemwogesha mtoto. Mtoto ataogeshwa na mama mkwe aliyeacha shamba lake Ziwa kuja kusaidia. Mama mkwe huyo wakati huo yuko nje ya lango, ameshika flaski ya uji, anasubiri saa ya kuona wagonjwa. Mwenye kuamua hakuelezwa, aliyeelezwa hana uwezo wa kuamua. Halafu tunamwandikia mama huyu kwamba "alipuuza maagizo". Ni mke wa nani katika kaunti hii atakayemwambia mama mkwe, siku ya tatu ya kujifungua, "hapana mama, acha hiyo chupa"?

Na neno lenyewe, "msipake kitu", haliwapi wazee kazi yoyote ya kufanya. Wamesafiri kuja kuhudumia. Wape kazi. Kila anayemshika mtoto aoshe mikono kwa sabuni kwanza, na bibi awe msimamizi wa sabuni hiyo. Wageni wanamwogopa yeye kuliko nesi. Nepi ikunjwe iishie chini ya kitovu, mkojo usikifikie. Mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita, na mpaka kikonyo kidondoke apanguswe kwa kitambaa badala ya kuloweshwa kwenye beseni. Kitovu kikichafuka kwa mkojo au choo, kioshwe kwa maji safi na sabuni, kikaushwe taratibu kwa kitambaa safi, kiachwe. Kisifungwe bandeji, kisibanwe kwa sarafu wala mkanda wa tumbo. Kisivutwe, hata kikining'inia kwa uzi mmoja. Hasa hapo.

Maziwa ya mama nitayasemea kwa upole, kwa kuwa kuna tafiti zilizoyapaka kitovuni na hazikukuta madhara. Bado si lazima, na kidole kinachoyapaka mara nyingi hakijaoshwa. Maziwa yaende kinywani.

Turudi Langas. Siku ya tano kikonyo ni cheusi, na penye kiungo kuna ute kidogo wa manjano unaonata. Hapo ndipo mkono wa mtu huenda kwenye poda, na hapo ndipo usiende. Ute kidogo ni wa kawaida. Tone la damu kwenye nepi siku kikidondoka ni la kawaida pia. Vitovu vingi hudondoka kati ya siku ya 5 na ya 15. Kikipita wiki tatu kabla ya kudondoka, mpeleke aonwe. Kikidondoka kukabaki kijinyama chekundu chenye majimaji, aonwe vilevile, bila pupa.

Tuseme badala yake siku ya sita kuna usaha, kuna harufu mbaya, na ngozi inayozunguka kitovu imekuwa nyekundu au imevimba. Kwa mtoto mweusi wekundu unaweza kuonekana kama ngozi iliyoiva na kung'aa. Ilinganishe na ngozi ya mbali kidogo tumboni, na uguse uone kama ni ya moto au kama mtoto analia ukigusa. Hiyo ni kliniki leo hii, si keshokutwa.

Wekundu ukianza kutambaa tumboni, au damu ikichuruzika bila kukoma, au mtoto akaacha kunyonya, akalegea, akawa vigumu kumwamsha, akapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akashtuka kwa degedege, joto likafika 37.5 au likashuka chini ya 35.5, hapo hakuna kusubiri kukuche. Mwili baridi ni hatari sawa na mwili wa moto. Watu wengi hawajui. Na mtoto aliyenyonya vizuri siku mbili za kwanza kisha akashindwa kufungua taya na kukakamaa, hiyo ni pepopunda mpaka daktari aseme vinginevyo. Usiku huo huo nenda hospitali yenye wodi ya watoto wachanga. Usipite kwa kemisti kumuuliza ana nini. Hana kipimo wala kitanda, ana bidhaa.

Kabla ya kutoka nyumbani, usimpake kitu "cha kumtuliza njiani". Dawa ya rangi au poda huficha wekundu ambao daktari anataka kuuona. Mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, umfunike, umpe titi kama bado anaweza kunyonya, ubebe kijitabu cha kliniki. Na kama kuna kitu kilishapakwa, kitaje waziwazi, hata kama mama mkwe amesimama hapo karibu.