Bunduki ya Jirani, Mkono wa Mwasi: Nani Alipe?

Mwezi Juni 1999, Jenerali James Kazini, kamanda wa majeshi ya Uganda nchini Kongo, alitangaza mkoa mpya ulioitwa Kibali-Ituri na kumteua Adèle Lotsove kuwa gavana wake. Wakati huohuo, upande wa Equateur, Jean-Pierre Bemba alikuwa akipigana na serikali ya Kinshasa kupitia chama chake cha MLC, huku Uganda ikiwapa wapiganaji wa MLC mafunzo na misaada ya kijeshi, jambo ambalo yenyewe ililikiri. Kwa mwananchi aliyechomewa nyumba, tofauti kati ya mambo haya mawili haikuwepo: kote kulikuwa na bunduki, na kote bunduki zilikuwa na mkono wa Kampala. Lakini Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa hukumu yake mjini The Hague tarehe 19 Desemba 2005, iliyatenga kabisa. Vitendo vya MLC, ilisema, si vitendo vya Uganda. Yaliyotokea Ituri, hata yale yaliyofanywa na makundi ya waasi na watu binafsi, Uganda ilitakiwa kuyajibia. Wapo waliouona uamuzi wa kwanza kuwa ni mwanya wa kuwaponyesha wakubwa. Mimi naona kwamba ulikuwa sahihi, na kwamba aliyeonewa na wanamgambo ana nafasi kubwa zaidi ya kupata haki kupitia njia ya pili.

Msingi wa sheria yenyewe ni rahisi kuueleza. Nchi haina mikono wala miguu. Hutenda kupitia watu. Kwa hiyo lazima kuwe na kanuni ya kuamua kitendo cha nani kihesabiwe kuwa kitendo cha nchi. Kanuni hizo zilikusanywa mwaka 2001 na Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa, katika vifungu vyake kuhusu wajibu wa nchi. Askari, polisi, hakimu au waziri ni kiungo cha serikali, na anachokifanya akiwa kazini ni cha serikali hata kama amevunja amri aliyopewa. Kampuni au mtu binafsi aliyepewa kisheria sehemu ya mamlaka ya dola, tuseme kampuni inayoendesha gereza, naye huhesabiwa anapoyatumia mamlaka hayo. Nje ya hapo, vitendo vya mtu binafsi, mwanamgambo au kampuni ni vyake mwenyewe, ila itakapothibitika kwamba alikuwa akifuata maagizo ya serikali, au aliongozwa au kudhibitiwa nayo katika kitendo kilekile kinacholalamikiwa. Hata kampuni ambayo hisa zake zote ni za serikali haihesabiwi kuwa serikali kwa sababu ya umiliki peke yake.

Ugomvi wote umo katika neno kudhibiti. Mwaka 1986, katika kesi ya Nicaragua dhidi ya Marekani, Mahakama ilikuta kwamba Marekani iliwapa waasi wa Contra fedha, silaha, mafunzo na taarifa za kijasusi, na bado ikakataa kusema kwamba mauaji yaliyofanywa na waasi hao yalikuwa ya Marekani. Kilichotakiwa ni ushahidi kwamba Marekani ilikuwa na udhibiti halisi wa operesheni ambamo maovu hayo yalitendeka. Kumpa mtu panga ni jambo moja. Kumwelekeza akate wapi ni jingine. Mwaka 1999 majaji wa rufaa wa mahakama ya uhalifu wa kivita ya Yugoslavia ya zamani, katika kesi ya Tadić, walipendekeza kipimo chepesi zaidi: kwa kundi lenye mpangilio wa kijeshi, udhibiti wa jumla unatosha, yaani kuligharimia, kulipa vifaa na kushiriki kupanga shughuli zake. Mwaka 2007, katika kesi ya Bosnia dhidi ya Serbia, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikikataa kipimo hicho, ikisema kinanyoosha wajibu wa nchi hadi karibu ukatike.

Tukirudi Kongo, kipimo cha Nicaragua ndicho kilichotumika kwa MLC. Majaji hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba Uganda ndiyo iliyoliunda kundi hilo, wala kwamba ilidhibiti namna Bemba alivyoitumia misaada aliyopewa. MLC haikuwa kiungo cha Uganda, haikutumia mamlaka ya Uganda kwa niaba yake, na haikuthibitika kuwa ilitenda kwa maagizo au kwa uongozi wake. Lakini hapo ndipo wengi huacha kuisoma hukumu, na ndipo ilipoanza kuuma. Mahakama iliendelea kusema kwamba kuwapa waasi mafunzo na misaada ya kijeshi ni kosa la Uganda yenyewe, kwa kuwa kunavunja kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Uganda haikubeba kila risasi ya Bemba; ilibeba uamuzi wake yenyewe wa kumpa Bemba bunduki.

Anayetaka kipimo kilegezwe aukumbuke pia upande wa pili wa kesi hiyohiyo. Uganda ilijitetea kwamba iliingia Kongo kwa sababu waasi wa ADF walikuwa wakiishambulia kutoka milima ya mpakani. Mahakama ilijibu kwamba mashambulizi hayo hayawezi kuhesabiwa kuwa ya Kongo, na hivyo Uganda haikuwa na haki ya kujilinda dhidi ya Kongo. Ilisema pia kwamba serikali ya Kinshasa kushindwa kuwadhibiti waasi katika eneo lile gumu hakukumaanisha kuwavumilia. Kanuni nyembamba iliyoiponya Uganda kwa Bemba ndiyo iliyoiponya Kongo kwa ADF. Kila nafasi inayoongezwa ya kukihesabu kitendo cha mwanamgambo kuwa cha nchi ni nafasi mpya ya jirani mwenye nguvu kuvuka mpaka akisema anajilinda. Nchi ambazo misitu na milima yao imejaa makundi yasiyotii mtu ndizo zitakazoumia kwanza.

Sasa Ituri. Pale Uganda haikuwa mfadhili wa mbali. Kwa kuunda mkoa na kuteua gavana, jeshi lake lilikuwa limejiweka mahali pa serikali, na Mahakama ikaihesabu kuwa nchi iliyolikalia eneo la wenzake. Askari wa Uganda aliyepora dhahabu kwa ajili ya mfuko wake mwenyewe aliitia Uganda hatiani moja kwa moja, kwa sababu mwanajeshi ni kiungo cha nchi hata anapoasi amri. Mfanyabiashara aliyevaa kiraia na kubeba dhahabu ileile hakuwa kiungo cha mtu. Kitendo chake hakikuwa cha Uganda. Lakini mkaliaji ana wajibu wa kulinda watu na mali katika eneo analolishika, na wajibu huo ulihusu pia kuwazuia watu binafsi na makundi ya waasi. Uganda ilihukumiwa kwa sababu mlinzi alikuwa yeye, na hakulinda. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha nani alimpigia nani simu usiku wa shambulio.

Nguvu ya njia hii ilionekana tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ilipopanga fidia. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11 za Marekani; ilipewa milioni 325. Kati ya hizo, milioni 225 ni za madhara kwa watu, milioni 40 za mali, na milioni 60 za maliasili, zilipwe kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022. Wengi walizungumzia upungufu wa kiasi. Mimi nasema jambo la maana zaidi lilikuwa jingine: kwa madhara yaliyotokea Ituri, Mahakama ilihamisha mzigo wa kuthibitisha. Si Kongo iliyotakiwa kuonyesha kwamba kifo fulani kilisababishwa na uzembe wa mkaliaji. Uganda ndiyo iliyotakiwa kuonyesha kwamba hakikusababishwa. Ulinganishe na Bosnia. Mwaka 2007 Serbia ilikutwa na hatia ya kutozuia mauaji ya kimbari ya Srebrenica ya Julai 1995, lakini haikuamriwa kulipa chochote, kwa kuwa haikuthibitika kwamba ingejaribu kuyazuia yasingetokea. Kosa ni la aina moja, kutozuia. Srebrenica ilipata tamko kwenye karatasi, na Ituri ikapata fedha. Aliyebeba mzigo wa ushahidi ndiye aliyeleta tofauti hiyo.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza ni kwamba kipimo kigumu humpa zawadi mwenye siri: serikali inayoagiza kwa mdomo na kulipa kwa mkoba haitaacha karatasi ya kuishika. Ni kweli, lakini dawa yake imo katika ushahidi, si katika kanuni. Tangu kesi ya Mlango wa Corfu mwaka 1949, Mahakama imekubali kwamba pale ushahidi ulipo mikononi mwa upande mmoja tu, mlalamikaji aruhusiwe kuegemea dalili na mazingira. Majaji wameitumia ruhusa hiyo kwa uchoyo. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: njia ya Ituri inategemea ukaliaji, na mfadhili mwerevu hatakalia ardhi. Nje ya Ituri, Uganda ilikuwa na hatia ya kuwasaidia waasi, lakini mzigo wa kuunganisha msaada huo na kila dhara ulibaki kwa Kongo. Hapo pengo lipo, na silipuuzi.

Pengo hilo si la historia tu. Mwezi Julai 2024 ilichapishwa ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa iliyosema kwamba jeshi la Rwanda lina udhibiti na uongozi halisi juu ya operesheni za waasi wa M23 nchini Kongo, jambo ambalo Kigali inalikanusha. Maneno hayo yanakaribia mno lugha ya kifungu cha mwaka 2001, lakini ripoti si hukumu, na mahakama ingedai ushahidi wa operesheni moja baada ya nyingine. Wakili wa waathirika akianzia hapo, anaweza kupoteza miaka akitafuta amri ambayo haikuandikwa. Akianzia kwenye alichofanya jirani mwenyewe, kama vile silaha alizotoa, askari aliowavusha na mji alioushika, ana mengi ya kuweka mezani.

Kwa hiyo mlango wa kukihesabu kitendo cha mwanamgambo kuwa cha nchi ubaki mwembamba. Kinachopaswa kubadilika ni mzigo wa ushahidi: nchi ikithibitika kuwa imelipa silaha kundi linalojulikana kwa kuua raia, basi yenyewe ndiyo ieleze ni dhara gani halikutokana na silaha hizo, kama mkaliaji wa Ituri alivyotakiwa kueleza. Mwenye kugawa mapanga gizani hana haki ya kumdai aliyekatwa aonyeshe ni lipi lililomkata.